Kidonge cha presha asubuhi, kidonge cha supu jioni

Shikamoo Shangazi,

Naishi Tanga na mama mkwe wangu, ana miaka 63. Mwaka jana alikutwa na presha, akaanzishiwa amlodipini, na daktari akatuambia tupunguze chumvi. Mimi nikalitoa kopo la chumvi jikoni kabisa, nikampa jirani. Tangu hapo naunga kwa vidonge vya supu ili chakula kisipooze: viwili kwenye mchuzi, kimoja kwenye wali wa mchana, na jioni kimoja kwenye maharage, ambayo nayachemsha na magadi nusu kijiko cha chai. Tuko watano. Asubuhi mama anakunywa chai kwa slesi nne za mkate, na siku akikosa hamu ya chakula namchemshia tambi za pakiti. Dawa ya presha anameza kila siku mbele yangu, pamoja na ile ya magoti ya kuyeyusha kwenye maji. Lakini kila tukienda kliniki ni 158 kwa 96, au 162 kwa 94. Sasa anasema dawa ya hospitali imeshindwa, anataka miti shamba. Mume wangu kaleta chumvi ya pinki, anasema hiyo haina shida, na ananitazama kama nampikia mama yake chumvi kwa siri. Hivi kidonge cha supu kina chumvi? Na chumvi ikifika kiasi gani ndiyo nyingi kwa mwenye presha?

Mkwe Mwenye Mashaka, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Kinayo, tena kwa wingi. Chukua kidonge kimoja cha supu kile kikubwa cha gramu 10, ukivunje kwenye sahani. Karibu nusu ya unga unaouona ni chumvi ya kawaida, ile ile uliyompa jirani. Iliyobaki ni mafuta magando, wanga, sukari kidogo, rangi, viungo, na ile chumvi ya kuongeza ladha inayoandikwa E621, ambayo nayo ina sodiamu yake. Nyama au kuku aliyechorwa kwenye karatasi, ukimtafuta humo ndani utampata kwa kiasi cha kunusa tu. Usipoamini, kivuruge kidonge kimoja kwenye kikombe cha maji ya moto, uonje bila kitu kingine. Ulimi utakujibu kabla yangu.

Sasa kipimo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kisu, tena pungufu kidogo. Hizo gramu 5 si za kunyunyiza mezani peke yake. Ni zote kwa pamoja: ya kwenye mkate, ya kwenye mchuzi, ya kwenye samaki mkavu, ya kwenye soseji, na ya kwenye dawa, maana nayo ipo, nitaifikia. Na kikomo hicho ni cha mtu mwenye afya yake. Mwenye presha anatakiwa akae chini yake kadiri anavyoweza. Kwa hiyo kidonge kimoja kikubwa kinabeba chumvi ya siku nzima ya mtu mmoja. Wewe kwa siku unatumia vinne.

Usishtuke, vinne hivyo mnagawana watano. Lakini hebu tukae chini tuhesabu siku moja ya mama, kama nilivyokuwa nikifanya kliniki na kina mama waliokuja na malalamiko kama yako. Mara nyingi hesabu ndiyo iliyomaliza ugomvi wa nyumbani.

Asubuhi, slesi nne za mkate. Mkate hausikiki chumvi mdomoni kwa sababu unga umeimeza, lakini kwa kawaida gramu 100 za mkate wa dukani zina gramu moja ya chumvi na kitu. Slesi nne ni kama gramu 120, kwa hiyo mama ameshapata gramu 1.3 kabla hujawasha jiko la mchana.

Mchana, vidonge viwili kwenye mchuzi ni gramu 10 za chumvi. Gawa kwa watano, kila mmoja gramu 2. Kidonge cha kwenye wali kinaongeza gramu 1. Jumla ya mchana ni gramu 3, ikiwa mama anachota sawa na wengine. Kama ni mpenzi wa mchuzi mwingi, na mama wakwe wa kwetu pwani nawajua, pandisha kidogo.

Jioni, kidonge cha kwenye maharage kinampa gramu 1. Halafu kuna magadi. Watu wengi wanadhani chumvi ya presha ni ile yenye ladha ya chumvi, kumbe kinachopandisha presha ni sodiamu iliyomo ndani yake, na magadi nayo ni sodiamu. Karibu theluthi ya uzito wake. Nusu kijiko cha chai kwenye sufuria ni sawa na kutia gramu 2 za chumvi, na fungu la mama linakuwa gramu 0.4 hivi. Ni kidogo, lakini hailalamiki mdomoni, ndiyo maana hakuna anayeihesabu. Baking poda na soda ya kuumulia mandazi zina mambo hayo hayo.

Mpaka hapo tumefika gramu 5.7. Ameshavuka kikomo, na hakuna mtu aliyegusa chumvi.

Siku ya tambi za pakiti mambo yanaharibika kabisa. Pakiti moja ya kawaida, pamoja na kale kapakiti kadogo ka unga wake, huwa na gramu 3 hadi 4 za chumvi. Chukua 3.5 na uiongeze, tumefika 9.2. Na hizo mama hagawani na mtu. Unampikia kwa huruma kwa sababu hajala vizuri, nawe unampa sehemu kubwa ya chumvi ya siku katika bakuli moja.

Sasa dawa ya magoti. Nilipofika kwenye sentensi yako hiyo niliisoma mara mbili. Dawa nyingi za maumivu zinazochemka zikitumbukizwa kwenye maji hutengenezwa kwa soda, ndiyo maana zinatoa povu. Parasetamo ya aina hiyo huwa na miligramu 400 hivi za sodiamu kwa kidonge, sawa na gramu moja ya chumvi. Vidonge viwili kwa siku ni gramu 2. Ile poda ya kuchemka inayonywewa mtu akivimbiwa ni ndugu yake. Tukiijumlisha, siku mbaya ya mama inafika gramu 11 na ushee, zaidi ya mara mbili ya kikomo, ndani ya nyumba isiyo na kopo la chumvi.

Kwa hiyo mumeo amekosea kukushuku, na wewe umekosea kudhani chumvi imeondoka. Ilibadilisha nguo tu.

Sasa nikufundishe kusoma pakiti yako mwenyewe, maana vidonge vinatofautiana. Vile vidogo vya gramu 4, kwa mfano, huwa na gramu 2 hivi za chumvi, na ukitia viwili au vitatu umerudi pale pale. Anza na orodha ya viambato. Huandikwa kwa kufuata uzito, kizito zaidi mbele. Ukikuta chumvi ndiyo ya kwanza, ujue umenunua chumvi yenye harufu ya kuku. Kisha tafuta jedwali la virutubisho, mstari wa sodiamu. Hapo pana mtego uliowanasa hata wauguzi niliofanya nao kazi. Kwenye vidonge vingi tarakimu inayoandikwa si ya kidonge, ni ya mililita 100 za supu iliyokwisha kukorogwa. Tuseme imeandikwa miligramu 380. Unaona ni kidogo, unarudi jikoni kwa raha. Lakini maelezo ya pembeni yanasema kidonge kimoja kinakorogwa kwenye nusu lita, na nusu lita ni mililita 100 mara tano. Kwa hiyo kidonge kina miligramu 1,900 za sodiamu. Kupata chumvi, zidisha sodiamu kwa 2.5. Hiyo ni miligramu 4,750, yaani gramu 4.75. Ukiwa dukani bila kalamu, kumbuka tu kwamba miligramu 2,000 za sodiamu ndiyo siku nzima imekwisha.

Mama aambiwe kwamba dawa yake haijashindwa. Amlodipini kazi yake ni kulegeza mishipa ili damu ipite bila kusukumana. Sodiamu inapozidi, mwili unashikilia maji ili kuizimua, maji hayo yanaongezeka kwenye damu, na mishipa inabeba mzigo mkubwa kuliko ule daktari alioupigia hesabu. Ni kama kupanua mlango huku mtu mwingine anaongeza wageni. Asiache vidonge hata siku moja kwa ajili ya miti shamba. Na miti shamba yenyewe, kama ameshaanza kuinywa kimyakimya, daktari aijue, kwa sababu mingine inagongana na dawa na mingine inaumiza figo.

Ukipunguza utaona nini? Kwa mwenye presha, kushusha gramu 4 hadi 5 za chumvi kwa siku hupunguza ile namba ya juu kwa pointi 5 hivi kwa wastani. Wengine hushuka zaidi, hasa watu wazima wenye umri na sisi watu weusi, ambao miili yetu mara nyingi huikamata chumvi kuliko ya wengine. Wengine hushuka kidogo sana. Haichukui miaka: mabadiliko huanza kuonekana ndani ya wiki moja, na kufikia wiki ya nne unakuwa umeona sehemu kubwa ya faida. Kutoka 160 usitegemee kufika 120 kwa kuacha vidonge vya supu peke yake. Lakini unaweza kumpa daktari nafasi ya kutoongeza dawa ya pili.

Nakuja jikoni, na hapa utanishangaa. Nenda kwa jirani ukadai kopo lako la chumvi.

Sitanii. Kosa la kidonge cha supu si kwamba kina chumvi, ni kwamba anayepika hapimi. Kijiko unakiona. Kidonge unakitupia tu, chakula kikipooza unatupia kingine. Mimi ningekuambia hivi: kila asubuhi chota kijiko kimoja cha chai cha chumvi yenye madini joto, kisawazishe kwa kisu, ukiweke kwenye kikombe kidogo. Hiyo ndiyo chumvi ya sufuria zote za siku nzima kwa watu watano. Mchuzi, wali, maharage, mboga, vyote vinakula humo, na kikombe kikiisha kimeisha. Kila mtu atapata gramu moja na kidogo kutoka jikoni. Ongeza slesi mbili za mkate badala ya nne, na siku nyingine viazi vitamu au muhogo wa kuchemsha badala ya mkate, na mama anabaki chini ya gramu 2 za chumvi ya kuongezwa, na nafasi inabaki kwa ile iliyomo kwenye maziwa, nyama na samaki wenyewe. Siku ukikitaka sana kidonge chako, tia kimoja, na kikombe cha siku hiyo kibaki kitupu. Huwezi kuvitumia vyote viwili.

Usishuke kwa siku moja, watakususia chakula. Wiki ya kwanza kidonge kimoja kwenye mchuzi badala ya viwili, na kwenye wali usitie kitu. Wiki ya pili nusu kidonge. Wiki ya tatu hamia kwenye kikombe. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache, na baada ya hapo mchuzi wa kwenye sherehe utawachoma nyinyi wenyewe.

Ladha utaitoa wapi? Kwenye kazi ambayo kidonge kilikuwa kinakuepusha nayo. Kitunguu kikaange kwa moto mdogo mpaka kiwe kahawia kabisa, usikikimbize kikiwa bado cheupe. Nyanya zikaange mpaka maji yake yaishe na mafuta yapande juu, kwa sababu ile ladha nzito ambayo E621 inaiigiza imo ndani ya nyanya iliyoiva na kukauka. Kitunguu saumu na tangawizi vitwangwe, visikatwe. Bizari nzima uikaushe kwenye kikaango kitupu kabla ya kuisaga. Na ukishaepua, kamulia ndimu. Ndimu ikitiwa mwisho hudanganya ulimi ukadhani chumvi ipo. Ikitiwa mapema harufu yake inapotea na mvuke. Kwa samaki wa nazi, ukwaju unafanya kazi hiyo hiyo.

Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya. Yataiva bila magadi, yatakula mkaa kidogo zaidi, basi. Tambi za pakiti, kama mama anazipenda mno, chemsha, mwaga maji ya kwanza, utie robo ya kale kapakiti na karoti na yai. Afadhali zaidi ni uji wa ulezi au supu ya kuku uliyoipika mwenyewe. Ng'onda na papa mkavu sijakusikia ukiwataja, lakini nyumba ya Tanga bila ng'onda naiona kwa shida. Waloweke, badilisha maji mara mbili au tatu, na sahani ya siku hiyo isipate chumvi nyingine. Hata hivyo watabaki na chumvi nyingi, kwa mama wawe wa mara mojamoja.

Chumvi ya pinki mwambie baba watoto airudishe dukani wakikubali. Ni chumvi ile ile, yenye sodiamu karibu sawa na ya kopo, na rangi yake inatoka kwenye madini kiduchu yasiyopunguza presha ya mtu. Zaidi ya hapo, nyingi haziongezwi madini joto. Ipo chumvi nyingine ambayo sehemu ya sodiamu imeondolewa ikawekwa potasiamu. Hiyo inasaidia kweli: huko China mwaka 2021 ilionekana kupunguza kiharusi kwa watu wa vijijini waliowahi kuugua kiharusi au wenye presha. Lakini mwenye figo dhaifu, au anayemeza losatani, enalapili au spironolaktoni, potasiamu inaweza kumpanda mpaka moyo ukapoteza mpigo. Mama anatumia amlodipini, ambayo haina tatizo hilo, ila figo zake zipimwe kwanza. Usiinunue kwa kusoma kibandiko.

Magoti. Usimnyang'anye dawa ukamwacha na maumivu. Nenda nayo kliniki, mwombe daktari ambadilishie parasetamo ya kawaida ya kumeza, isiyo ya kuyeyusha. Kama iliyo kwenye maji ni diklofenaki au ibuprofeni, hapo pana jambo jingine, kwa sababu dawa hizo zenyewe hupandisha presha na kubana figo, na huenda zimechangia hizo namba zako kuliko hata maharage.

Kuhusu kupima, namba mbili za kliniki hazitoshi. Azima au nunua mashine ya kufunga kwenye mkono wa juu, si ile ya kifundo cha mkono. Asubuhi kabla ya dawa na chai, na tena jioni, mama aende haja ndogo, akae kwenye kiti chenye mgongo dakika tano, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na asizungumze. Najua kwamba kutozungumza ndiko kutakakokushinda. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, andika zote. Fanya hivyo siku saba kabla hujabadilisha kitu jikoni, ili uwe na pa kulinganishia, kisha siku saba nyingine baada ya wiki ya nne. Ikifika 180 kwa 120 na ana maumivu ya kifua, anahema kwa shida, macho yana kiza, mdomo umepinda au mkono umelegea, usirudie kupima, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Ikibaki juu ya 135 kwa 85 hapo nyumbani baada ya wiki nne na kikombe umekifuata, basi sababu haipo jikoni tena, daktari ataamua kuhusu dawa.

Siku ya kliniki mbebee daftari la vipimo, karatasi ya kidonge cha supu, na boksi la ile dawa ya magoti. Mumeo naye aende, akae karibu na daktari asikie mwenyewe.

Shangazi